Uonevu wa Mkubwa Kazini: Soma Ratiba Kabla Hujasubiri Malalamiko

Anayetaka kujua kama kuna mkubwa anayeonea watu katika kiwanda cha Thika au Ruiru asianze kwa kuwauliza watu. Watakataa, tena kwa tabasamu. Aanze na ratiba za zamu za wiki nane zilizopita, daftari la ovataimu, fomu za likizo na barua za onyo. Achague watu watatu au wanne wanaofanya kazi ya aina moja chini ya msimamizi mmoja, azitandaze karatasi zao mezani, kisha atazame kama kuna jina moja ambalo kila mara limeangukia upande mbaya. Mkubwa anayefoka na kutukana anajulikana na kila mtu hadi mlinzi wa lango, na malalamiko juu yake hatimaye humfikia mwenye mali. Kazi ngumu ni kumtambua yule asiyepaza sauti, anayetumia mamlaka halali ya ofisi yake, tendo dogo moja baada ya jingine, kumchosha mtu mmoja hadi aondoke mwenyewe.

Hapo ndipo mameneja wengi hukwama. Wanatafuta tukio. Uonevu wa aina hii hauna tukio, una mfululizo, na kila tendo katika mfululizo huo likitazamwa peke yake lina maelezo yake. Kupangiwa zamu ya jioni si kosa. Kunyimwa likizo wiki ambayo kazi imejaa si kosa. Kukosa ujumbe uliotumwa kwenye kundi la WhatsApp ni jambo linalompata yeyote. Yakimpata mtu mmoja yote matatu ndani ya mwezi mmoja, na wenzake wasipate hata moja, meneja hana tena ruhusa ya kuyaita bahati mbaya.

Watafiti walijaribu kuuwekea mfululizo huo kipimo. Heinz Leymann, mwanasaikolojia aliyefanya kazi Uswidi na kuanza kuandika juu ya jambo hili miaka ya 1980, alihesabu kuwa mtu anaandamwa pale matendo ya uadui yanapomfikia angalau mara moja kwa wiki, kwa muda wa angalau miezi 6. Kipimo hicho kilimfaa mtafiti aliyetaka kuhesabu walioumizwa vibaya. Meneja akikitumia atakuwa amekubali kukaa nusu mwaka akitazama mtu anavunjwa. Mkataba Nambari 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Geneva Juni 2019, haukufuata njia hiyo: unahesabu tabia isiyokubalika iwe imetokea mara moja au imerudiwa, na unaangalia madhara yake au madhara inayoweza kuleta.

Lililo na manufaa zaidi kwa meneja limetoka Bergen, Norwei, ambako Ståle Einarsen na wenzake walitengeneza dodoso la matendo 22. Dodoso hilo linamuuliza mfanyakazi kuhusu matendo yenyewe: je, umefichwa habari unazozihitaji ili ufanye kazi yako, umepewa kazi iliyo chini ya uwezo wako, maoni yako yamepuuzwa, umewekewa muda usiowezekana, umefuatwafuatwa kupita kiasi? Tafiti za namna hii zimeonyesha mara kwa mara kwamba wanaokiri matendo hayo ni wengi kuliko wanaokubali kwamba wanaonewa. Mtu mzima hapendi kujiita mwonewa. Kwa hiyo meneja anayemuita mfanyakazi ofisini na kumuuliza “kuna mtu anakusumbua?” atajibiwa “hapana, niko sawa,” na atarudi kwenye kiti chake akiamini amefanya uchunguzi.

Katika miji hii miwili kuna sababu za ziada za kunyamaza. Ukanda wa Ruiru hadi Thika una viwanda vya nguo, vyakula, mafuta ya kupikia, chuma na maziwa, na mashamba ya kahawa na mananasi, na sehemu kubwa ya wanaofanya kazi humo wameanza kama vibarua. Kibarua husimama langoni alfajiri kusubiri kuitwa. Anayeita ni supavaiza. Hahitaji kumtukana mtu wala kumwandikia barua. Akitaka kumwadhibu, anaruka jina lake tu, leo, kesho na keshokutwa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 37, inasema kibarua aliyefanya kazi siku mfululizo zinazofikia mwezi mmoja achukuliwe kuwa na mkataba wa kazi wenye haki zaidi. Ndiyo maana kurukwa kwa majina mara nyingi hutokea karibu na mwisho wa mwezi, na hapo ni vigumu kutenganisha hila ya kampuni na chuki ya supavaiza.

Mamlaka ya namna hii si mapya huku. Kwenye mashamba ya mkonge na kahawa ya Thika enzi za ukoloni, mfanyakazi Mwafrika alivaa kipande shingoni, kwa amri iliyotungwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa 1919. Ndani yake mwajiri aliandika mshahara na tarehe za kuanza na kuacha kazi, na bila sahihi yake mtu hakuweza kwenda kuajiriwa kwingine kihalali. Kipande kilikwisha, lakini hofu ya sahihi ya mkubwa ipo. Leo kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira kinamlazimu mwajiri kumpa anayeondoka cheti cha utumishi, ila hakimlazimu kuandika neno lolote la kumsifu. Na kwa kuwa maafisa wa wafanyakazi wa viwanda jirani wanapigiana simu, kijana wa Makongeni au Kimbo anajua kwamba neno moja la mkuu wake wa zamani linaweza kumfungia milango mitatu kwa siku moja.

Tuchukue mfano mmoja, tuufuate hadi mwisho. Nimeutunga, lakini hakuna sehemu yake ambayo msomaji aliyefanya kazi kiwandani ataiona ngeni.

Ni kiwanda cha kufungasha vyakula mjini Ruiru, chenye wafanyakazi kama 140. Kina zamu mbili: ya asubuhi kuanzia saa kumi na mbili hadi saa nane mchana, na ya jioni kuanzia saa nane hadi saa nne usiku. Supavaiza mkuu ana miaka 17 hapo. Anaijua kila mashine kwa mlio wake, malengo ya uzalishaji hayampiti, na watu humwita Mzee. Chini yake kuna wakaguzi wa ubora wanne. Mmoja wao ni binti mwenye stashahada, mwaka wake wa pili, anayeishi Makongeni, Thika. Mwezi wa Januari aligundua kuwa katoni 600 zilizokuwa tayari kupakiwa zilikuwa zimegandishwa vibaya, akazikataa. Supavaiza alitaka zitoke. Meneja wa kiwanda akaitwa, akaangalia, akamuunga mkono binti, mbele ya watu.

Meneja aliondoka akiamini suala limekwisha. Kwa kweli ndipo lilipoanza.

Wiki iliyofuata binti alipangiwa zamu ya jioni. Iliyofuata tena, jioni. Wenzake watatu waliendelea kupokezana, yeye akabaki hapo wiki tano. Kutoka kazini saa nne usiku, kusimama stejini Ruiru kungojea matatu, kisha kupanda boda hadi nyumbani, ni gharama na ni hatari, na Mzee anajua anakoishi. Katika wiki hizo tano hakuitwa ovataimu hata siku moja. Aliomba likizo mara tatu, akajibiwa “tutaona” kwa mdomo, fomu haikurudi. Siku moja akajikuta hayumo kwenye kundi la WhatsApp ambamo mabadiliko ya zamu hutangazwa. Aliporudishwa aliambiwa ilikuwa bahati mbaya ya simu. Katika siku hizo za katikati alichelewa mara mbili, kwa sababu zamu ilisogezwa naye hakujua.

Kisha kuna yale yasiyoandikwa popote. Akifika kwenye laini, Mzee husema, “Haya, msomi wetu amekuja, tunyamaze,” na wapakiaji hucheka. Kwenye kikao cha kuanza zamu akianza kueleza jambo, mazungumzo huhamia Kikuyu, lugha ambayo yeye haijui, na hurudi kwenye Kiswahili akishanyamaza. Watu wa Ukambani, wa Magharibi na wa Nyanza waliofanya kazi ukanda huu watanielewa. Si kila anayeongea lugha ya mama kazini anamtenga mtu. Cha kutazama ni lugha inabadilika lini, na nani anapofungua mdomo. Na mbele ya meneja Mzee humsifu: “Binti huyu ni mzuri sana, ana bidii, shida yake ni haraka tu na kutoshirikiana.” Sifa ya namna hiyo ina kazi yake. Inaandaa masikio ya meneja kwa barua itakayokuja.

Barua ikaja katikati ya Machi: onyo la maandishi kwa kuchelewa mara mbili, limeshapigwa chapa, linangoja sahihi ya meneja.

Hapa ndipo meneja makini husimama. Hatii sahihi. Anaomba ratiba, daftari la ovataimu na fomu za likizo za wakaguzi wote wanne kwa wiki nane, pamoja na tathmini ya Desemba. Kazi hii ni ya nusu saa. Ataona wiki tano za jioni dhidi ya mzunguko wa wengine, ovataimu sifuri dhidi ya saa kadhaa za kila mmoja, fomu tatu zisizojibiwa wakati mfanyakazi aliyemaliza mwaka ana haki ya siku 21 za likizo, na tarehe mbili za kuchelewa zinazolingana na tarehe za mabadiliko ya zamu. Ataona pia kwamba yote yameanza wiki moja baada ya katoni kukataliwa. Kama angekuwa na desturi ya kuipitia ratiba kila mwezi, angeliona jambo hili wiki ya tatu, kabla ya barua yoyote.

Lakini karatasi peke yake haitoshi, kwa sababu huenda kuna maelezo. Pengine binti mwenyewe aliomba jioni kwa kuwa asubuhi anasoma. Pengine wenzake wawili wana watoto wachanga, wakakubaliana. Msimamizi mkali naye si lazima awe mwonevu. Maswali ninayoyaamini ni manne: je, kipimo anachopimiwa huyu ndicho wanachopimiwa wenzake? Je, kosa linasemwa faraghani na kwa wakati, au linahifadhiwa hadi kuwe na watazamaji? Je, maneno yanahusu kazi au yanahusu mtu, elimu yake, kabila lake, mwili wake? Na je, kuna njia ambayo akiifuata atafaulu, au kila anachofanya ni kosa? Supavaiza anayewarudishia wakaguzi wote ripoti zenye kasoro, na kuwaonyesha kasoro, anafanya kazi yake hata kama wanamchukia. Anayemrudishia mmoja ripoti kwa sababu ya nukta, na kupitisha ya mwenzake yenye makosa, anafanya kitu kingine. Wapo pia wafanyakazi ambao wakiulizwa kwa nini hawakumaliza kazi hukimbilia kusema wanaonewa. Maswali hayo manne huwatambua nao.

Baada ya karatasi, meneja azungumze na binti. Asimuite kwenye ofisi ya vioo iliyo mbele ya laini nzima, maana kabla hajafunga mlango habari zitakuwa zimemfika Mzee. Apitie maabara ya ubora wakati wa kawaida wa ukaguzi. Asiulize kama anaonewa. Aulize: ratiba ya wiki hii uliipata lini, na kwa njia gani? Ulipoomba likizo ulijibiwa nini? Siku ya tarehe fulani, nani alikuambia zamu imesogezwa? Asiahidi siri kamili, kwa sababu hawezi kuitunza. Aseme wazi kwamba atalishughulikia kwa kutumia karatasi, na kwamba jina lake halitatajwa kama chanzo. Aulize pia, bila kuzunguka, kama kuna kuguswa, kutakwa kimapenzi au kutishwa. Jibu likiwa ndiyo, njia yote inayofuata hapa inaachwa. Unyanyasaji wa kingono una kifungu chake katika Sheria ya Ajira, cha 6, kinachomtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera ya maandishi, na hakuna meneja mwenye haki ya kulimaliza jambo hilo kwa mazungumzo ya chemba. Kipigo na vitisho navyo haviingii kwenye mazungumzo ya chemba.

Mazungumzo na Mzee yafanyike wiki hiyohiyo, watu wawili tu, dakika zisizozidi ishirini. Ugumu wake katika miji yetu ni wa umri. Meneja ana miaka 38, amekuja na shahada. Anayemwita ana 55 na alikuwa hapo wakati meneja bado yuko chuoni. Heshima inamfanya meneja azungukezunguke, aulize habari za nyumbani, aseme “watu wanasema,” kisha aombe radhi kwa usumbufu. “Watu wanasema” ndiyo kauli mbaya kuliko zote, kwa kuwa Mzee atatoka pale akitafuta ni nani aliyesema. Heshima na ukweli vinaweza kukaa katika sentensi moja.

“Mzee, nimekuita kwa sababu ya ratiba. Nimepitia wiki nane. Wakaguzi watatu wamepokezana zamu. Wa nne amekaa jioni wiki tano mfululizo, ovataimu yake ni sifuri, na fomu zake tatu za likizo hazina jibu. Naomba unielezee.”

“Bwana meneja, yule binti bado anajifunza. Jioni kuna utulivu, hana presha.”

“Tathmini ya Desemba uliyoitia sahihi wewe mwenyewe inasema kazi anaijua vizuri.”

Kimya. Kisha: “Ana kiburi, huyo. Na sisi tulipita pagumu zaidi, hakuna aliyetubembeleza.”

“Najua mlipita pagumu, Mzee. Kuanzia Jumatatu anazunguka kama wenzake. Fomu za likizo zinajibiwa kwa maandishi ndani ya siku tatu, iwe ndiyo au hapana. Ile barua ya onyo sitaitia sahihi, kwa sababu siku zote mbili hakuwa kwenye kundi. Na mzaha wa ‘msomi’ uishie leo. Kama kuna kosa lake la kazi, niletee likiwa limeandikwa, nitalishughulikia mimi.”

Katika mazungumzo hayo meneja hajamwita Mzee mwonevu. Neno hilo likitajwa kikao kinageuka kuwa kesi ya tabia ya mtu, na mtu wa miaka 55 hatakubali kesi hiyo mbele ya kijana. Ametaja matendo, ametaja tarehe, ameacha nafasi ya maelezo, kisha ametoa maagizo yanayoweza kukaguliwa. Amemwachia Mzee pia njia ya kurekebisha bila kuaibika, na wengi, wakijua kwamba wanatazamwa, hurekebisha. Jioni hiyo meneja aandike nusu ukurasa: tarehe, yaliyosemwa, yaliyoagizwa. Barua pepe fupi kwa Mzee yenye maagizo manne inatosha.

Agizo lisiloandamana na mabadiliko ya utaratibu halidumu. Mzee ana silaha tatu: ratiba, ovataimu na likizo. Kwa wiki nane zijazo karatasi hizo zipitie kwa afisa wa wafanyakazi kabla ya kubandikwa, na zipitie hivyo kwa wasimamizi wote wa kiwanda, ili isionekane ni Mzee peke yake anayechungwa. Mabadiliko ya zamu yabandikwe ubaoni pamoja na kutumwa WhatsApp. Kwa vibarua, majina ya walioitwa na tarehe yaandikwe kwenye daftari langoni, maana pasipo daftari hakuna cha kulinganisha, na uonevu wa kuruka majina hauachi alama nyingine.

Kisha arudi kwenye karatasi baada ya wiki moja, baada ya tatu na baada ya nane. Kisasi cha mkubwa aliyekanywa mara chache hufanana na kosa la kwanza. Ratiba itanyooka, ovataimu itatoka, lakini mkaguzi hatasalimiwa, kila swali lake litajibiwa “andika barua,” mashine yake itakuwa ya mwisho kutengenezwa, na ghafla kila mtu kwenye laini atakuwa na shughuli akija. Wakati mwingine shabaha hubadilika: binti anaachwa, anaanza kuandamwa mpakiaji aliyeonekana akiongea naye. Kwa hiyo wiki ya tatu meneja atazame karatasi za idara nzima, si za mtu mmoja.

Mameneja wa huku wana njia tatu za mkato, na zote tatu huharibu. Ya kwanza ni kumhamisha aliyeonewa. Inaonekana ya huruma, na pengine ameomba mwenyewe, lakini idara nzima inasoma ujumbe mmoja: ukigombana na Mzee, wewe ndiye utakayeondoka. Na ndani ya mwaka kutakuwa na binti mwingine kwenye kiti kile. Ya pili ni kuwakalisha wote wawili pamoja, kuagiza chai, na kuwataka wapeane mikono kama ndugu. Upatanisho unafaa kwa watu wanaolingana. Hapa mmoja anaandika ratiba ya mwenzake; binti atasema “nimesamehe,” atatabasamu, na meneja atakuwa amemfungia njia ya kulalamika tena. Ya tatu ni kuandika waraka kwa wafanyakazi wote kuhusu kuheshimiana. Mwonevu husoma waraka huo akidhani unamhusu mtu mwingine, na wakati mwingine ndiye anayepewa kuusoma kwa sauti.

Meneja ajitazame pia. Ikiwa kila Ijumaa anampigia Mzee simu kuuliza kwa nini tani hazikutimia, na hajawahi kumuuliza kwa nini wakaguzi wawili waliacha kazi mwaka jana, basi amemwambia waziwazi kipi kina thamani. Mkubwa aliyebanwa kutoka juu hubana chini, na mara nyingine ule mfululizo wa matendo ukifuatwa hadi mwanzo wake unafika kwenye ofisi ya meneja mwenyewe.

Sheria inasaidia, ila imechelewa kuingia. Kenya haina kifungu kinachotaja uonevu wa kazini kwa jumla. Ibara ya 28 ya Katiba ya 2010 inalinda utu na ya 41 inampa kila mtu haki ya kutendewa kwa usawa kazini. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira kinakataza ubaguzi na unyanyasaji unaotokana na kabila, jinsia, dini, ulemavu na mengineyo. Anayeandamwa kwa sababu tu alikataa katoni 600 haingii hapo kwa urahisi. Njia inayobaki ni kujiuzulu na kudai mahakamani kwamba alilazimishwa kuondoka. Mahakama ya Rufaa ilieleza masharti ya dai hilo mwaka 2015 katika kesi iliyoihusu Coca Cola East and Central Africa: mwajiri awe amevunja msingi wa mkataba, mfanyakazi awe ameondoka kwa sababu hiyo hasa na bila kukawia, na mzigo wa kuthibitisha ni wake. Kwa maneno mengine, ili sheria imlinde vizuri, inabidi kwanza apoteze kazi. Fidia ya kuachishwa isivyo haki haizidi mishahara ya miezi 12.

Ndani ya kiwanda kuna vyombo vinavyosahaulika. Kifungu cha 12 cha Sheria ya Ajira kinataka mwajiri mwenye wafanyakazi 50 au zaidi aeleze kwa maandishi mfanyakazi apeleke malalamiko yake kwa nani. Katika barua nyingi za ajira jina au cheo hicho ni cha msimamizi yuleyule, na hilo linarekebishwa kwa siku moja. Sheria ya Usalama na Afya Kazini, nayo ya 2007, inataka mahali penye watu 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama na afya yenye wawakilishi wa wafanyakazi. Kamati hizo hujadili mitungi ya kuzimia moto na viatu. Hakuna kinachozizuia kuuliza kwa nini idara moja inaongoza kwa ruhusa za ugonjwa za Jumatatu. Mwakilishi wa chama kazini naye huwa ameshajua, miezi kabla ya meneja, ila hakuna aliyemuuliza. Na kifungu cha 46 cha Sheria ya Ajira kinasema kumfuta mtu kazi kwa sababu amelalamika dhidi ya mwajiri wake si sababu ya haki, isipokuwa lalamiko lenyewe lionyeshwe kuwa ni la ovyo lisilo na msingi.

Turudi kwa Mzee. Karatasi za wiki ya tatu zikionyesha mchezo umerudi kwa sura nyingine, mazungumzo ya chemba yamekwisha. Apewe barua ya kutakiwa kujieleza yenye matendo na tarehe, apewe muda wa kujibu, na asikilizwe akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama anayemtaka, kama kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira kinavyoagiza kabla ya mtu kufutwa kwa utovu wa nidhamu. Haki hiyo ni yake kama ilivyo ya binti. Miaka 17 ya utumishi ihesabiwe kwenye adhabu, isihesabiwe kwenye kuamua kama alitenda. Akishindwa kuacha baada ya onyo la maandishi, aondolewe kusimamia watu na abaki na mashine, na akikataa hilo, aondoke. Kiwanda kinachosema hakiwezi kufanya hivyo kwa kuwa ni Mzee peke yake anayeijua ile mashine kina kazi ya pili ya kufanya mwezi huu: kumfundisha mtu mwingine.